Uchambuzi: Kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba ya soko inapopanda

Mwezi Aprili 2021 Serikali ya Tanzania, kupitia Benki Kuu ya Tanzania (BoT), iliingiza sokoni kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25. Kuponi yake, yaani riba ambayo mwekezaji hulipwa kila mwaka, ilikuwa asilimia 15.95. Mwaka uliofuata viwango vya kuponi vilipunguzwa, na hatifungani mpya ya miaka 25 ikatolewa kwa asilimia 12.56. Mkopaji ni yuleyule, muda ni uleule na shilingi ni ileile, ila malipo ya mwaka ni tofauti. Mwenye shilingi milioni 10 katika hatifungani ya kwanza hupokea shilingi 1,595,000 kwa mwaka, na mwenye kiasi hicho katika ile ya pili hupokea shilingi 1,256,000.

Miaka iliyofuata, faida iliyodaiwa na wanunuzi wa hatifungani za muda mrefu ilipanda tena, ikavuka asilimia 12.56. Hapo ndipo baadhi ya wananchi walioweka akiba zao katika hatifungani ya mwaka 2022 walipokutana na jambo ambalo hawakulitarajia. Aliyehitaji kuuza kabla ya muda alielezwa na dalali kwamba hatifungani yake ya shilingi milioni 10 haiwezi kupata shilingi milioni 10. Serikali haikuwa imeshindwa kulipa, na kuponi ilikuwa ikiingia benki kila baada ya miezi sita bila kukosa. Hata hivyo bei ilikuwa imeshuka.

Swali hilo linawagusa kwa karibu wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa fedha huja kwa msimu. Mkulima na mfanyabiashara wa mpunga wa Mbarali, mkulima wa viazi wa Uyole na mvunaji wa mbao wa Mufundi hupata kiasi kikubwa kwa wakati mmoja, kisha hutafuta mahali pa kukiweka. Mstaafu aliyepokea mafao yake Iringa mjini naye yuko katika hali hiyohiyo. Kwa watu hao hatifungani ya Serikali ni chaguo lililo wazi, kwa kuwa kiwango cha chini cha kushiriki mnada ni shilingi milioni moja, na Benki Kuu ina tawi jijini Mbeya linalohudumia kanda hiyo. Lakini mwenye fedha za msimu ndiye pia mwenye uwezekano mkubwa wa kuzihitaji kabla ya miaka 25 kupita. Kwa sababu hiyo, uhusiano kati ya kuponi, faida na bei ni jambo la kulielewa kabla ya kujaza fomu ya zabuni.

Ahadi isiyobadilika

Hatifungani ni hati ya deni. Anayeinunua anaikopesha Serikali, na Serikali inatoa ahadi mbili. Ya kwanza ni kulipa kuponi kila baada ya miezi sita, na ya pili ni kurejesha mtaji wote siku hatifungani inapoiva. Kuponi hukokotolewa kwa thamani ya kuiva, yaani kiasi kitakachorejeshwa mwishoni, bila kujali mwekezaji alilipa kiasi gani alipoinunua.

Jambo la msingi ni kwamba ahadi hizo mbili zikishatolewa hazibadiliki. Hatifungani yenye kuponi ya asilimia 12.56 italipa shilingi 628,000 kila nusu mwaka kwa kila shilingi milioni 10 ya thamani ya kuiva, mwaka wa kwanza hadi wa 25, iwe riba ya soko imepanda au imeshuka. Hapo ndipo inapotofautiana na amana ya muda maalumu katika benki ya biashara. Amana hiyo inapoiva, mwenye fedha na benki hukubaliana upya riba kulingana na hali ya wakati huo. Mwenye hatifungani hana nafasi ya kukubaliana upya hadi siku ya kuiva.

Faida ni jambo jingine. Faida ni kiwango anachopata mnunuzi kwa mwaka kutokana na fedha alizozitoa mfukoni, akihesabu kuponi zote atakazopokea pamoja na tofauti kati ya bei aliyolipa na thamani ya kuiva, endapo atakaa nayo hadi mwisho. Aliyenunua kwa bei ya 100, yaani shilingi 100 kwa kila shilingi 100 ya thamani ya kuiva, anapata faida iliyo sawa na kuponi. Aliyenunua chini ya 100 anapata faida kubwa kuliko kuponi, kwa sababu malipo ni yaleyale ilhali ametoa fedha kidogo, na mwishoni anarejeshewa zaidi ya alichotoa. Aliyenunua juu ya 100 anapata faida ndogo kuliko kuponi.

Kwa hiyo mambo ni matatu: kuponi, faida na bei. Kuponi imefungwa tangu mwanzo. Faida huamuliwa na soko, kwa kuwa hakuna mnunuzi atakayekubali kiwango kidogo kuliko anachoweza kukipata kwingine kwa mkopaji huyohuyo na kwa muda huohuo. Linalobaki huru kusogea ni bei peke yake.

Hesabu ya miaka miwili

Mfano mfupi wa kufikirika unaonesha jinsi bei inavyosogea. Iwepo hatifungani ya miaka miwili yenye thamani ya kuiva ya shilingi milioni moja na kuponi ya asilimia 10. Mwenye nayo atapokea shilingi 50,000 mara nne, na malipo ya nne yatafuatana na mtaji wa shilingi milioni moja. Muda mfupi baada ya kununuliwa, riba ya soko inapanda, na hatifungani mpya za miaka miwili zinatolewa kwa asilimia 14. Mwenye ile ya zamani anataka kuuza. Mnunuzi atatoa kiasi gani?

Mnunuzi hatatoa shilingi milioni moja, kwa sababu kwa fedha hizo angepata hatifungani mpya inayolipa shilingi 70,000 kila nusu mwaka badala ya 50,000. Atakubali tu bei itakayoyafanya malipo yale madogo yampe faida ileile ya asilimia 14 kwa mwaka, yaani asilimia 7 kwa kila nusu mwaka. Bei hiyo ni shilingi 932,256.

Usahihi wake unaweza kuhakikiwa hatua kwa hatua. Shilingi 932,256 zikikua kwa asilimia 7 katika miezi sita ya kwanza zinafika 997,514. Mnunuzi anapokea kuponi ya 50,000, na zinabaki 947,514 ambazo bado anadai. Miezi sita ya pili zinakua hadi 1,013,840, na baada ya kuponi zinabaki 963,840. Miezi sita ya tatu zinafika 1,031,308, na baada ya kuponi zinabaki 981,308. Miezi sita ya mwisho zinafika 1,050,000, ambazo ndizo hasa atakazolipwa siku hiyo: mtaji wa milioni moja na kuponi ya mwisho ya 50,000. Deni linaisha bila kubaki shilingi, na mnunuzi amepata asilimia 7 kila nusu mwaka.

Punguzo la bei katika mfano huo ni shilingi 67,744. Ni fidia kwa mnunuzi kwa kuponi ambazo ni ndogo kuliko za hatifungani mpya kwa shilingi 20,000 kila nusu mwaka, jumla shilingi 80,000 kwa miaka miwili. Fidia haifiki 80,000 kwa sababu mnunuzi anaipata leo, papo hapo, ilhali pengo la kuponi lingemfikia kidogo kidogo. Shilingi iliyo mkononi leo ina thamani kuliko shilingi ya mwaka kesho.

Huo ndio mzizi wa kanuni nzima. Riba ya soko ikipanda, malipo yaliyokwishaahidiwa hayaongezeki, hivyo bei hushuka hadi faida ya hatifungani ya zamani ilingane na ya mpya. Riba ikishuka, bei hupanda kwa sababu hiyohiyo.

Hatifungani mbili za miaka 25

Hesabu hiyo ikipelekwa kwenye hatifungani halisi za mwaka 2021 na 2022, picha inakuwa dhahiri zaidi. Ichukuliwe hali ya mwaka 2024, pale ile ya mwaka 2022 ilipobakiwa na miaka 23 na ile ya mwaka 2021 ikabakiwa na miaka 22. Kwa ajili ya hesabu, idhaniwe kuwa wanunuzi wanadai faida ya asilimia 15.5 kwa muda kama huo.

Hatifungani yenye kuponi ya asilimia 12.56 italazimika kuuzwa kwa bei ya takriban 81.64. Yenye kuponi ya asilimia 15.95 itauzwa kwa takriban 102.79. Atakayenunua mojawapo kwa bei hizo na kukaa nayo hadi iive atapata faida ileile ya asilimia 15.5. Anayelipa 102.79 anapokea kuponi kubwa lakini mwishoni anarejeshewa 100 tu. Anayelipa 81.64 anapokea kuponi ndogo lakini mwishoni anarejeshewa 100 kamili. Bei ndiyo iliyofuta tofauti ya kuponi.

Hesabu hiyo inafanya kazi upande wa pili pia. Mwaka 2022 kuponi zilipopunguzwa, waliokuwa na hatifungani ya asilimia 15.95 walijikuta wameshika malipo ambayo hayatolewi tena katika minada mipya. Endapo mnunuzi wa wakati huo angekubali faida ya asilimia 12.56, basi hatifungani ya mwaka 2021 iliyobakiwa na miaka 24 ingestahili bei ya takriban 125.54. Mwenye nayo angeuza kwa faida ya zaidi ya robo ya mtaji wake.

Kutokana na hali hiyo, anayelinganisha hatifungani mbili kwa ukubwa wa kuponi peke yake anaweza kupotoka. Mnunuzi anayevutwa na asilimia 15.95 akalipa 125.54 amenunua faida ya asilimia 12.56. Cha kulinganisha ni faida hadi kuiva, si namba iliyo katika jina la hatifungani.

Muda mrefu, mtikisiko mkubwa

Hatifungani zote hazishuki kwa kiasi kimoja. Ziwepo tatu zenye kuponi ya asilimia 12, ya miaka 2, ya miaka 10 na ya miaka 25, zote zikiwa zimenunuliwa kwa 100. Riba ya soko ikipanda hadi asilimia 15 kwa zote, ile ya miaka 2 itashuka hadi takriban 94.98, ya miaka 10 hadi 84.71, na ya miaka 25 hadi 80.54.

Sababu ni kwamba mnunuzi wa hatifungani ndefu anaishi na kuponi ndogo kwa miaka mingi zaidi, hivyo anadai fidia kubwa zaidi. Hata hivyo hasara haiongezeki sambamba na miaka. Kutoka miaka 2 hadi 10 bei inashuka kwa zaidi ya shilingi 10 kwa kila 100, lakini kutoka miaka 10 hadi 25 inaongezeka kushuka kwa shilingi 4 na senti chache tu. Malipo ya mwaka wa 20 yako mbali mno kiasi kwamba thamani yake ya leo ni ndogo, na pengo lake haliongezi uzito mkubwa.

Kwa mwenye fedha za msimu, tofauti hiyo ina maana ya moja kwa moja. Anayejua kuwa atahitaji mtaji wake baada ya miaka miwili ili anunue trekta au alipe ada ya chuo, kisha akachagua hatifungani ya miaka 25 kwa sababu kuponi yake ni kubwa, anakubali mtikisiko wa bei karibu mara nne ya ule wa hatifungani ya miaka miwili.

Nani anapata hasara

Ichukuliwe hali ya mstaafu wa Iringa aliyenunua mwaka 2022 hatifungani ya miaka 25 ya shilingi milioni 10 kwa bei ya 100, kuponi ikiwa asilimia 12.56. Baada ya miaka miwili anahitaji fedha zote kwa matibabu. Amekwishapokea kuponi nne za shilingi 628,000, jumla shilingi 2,512,000. Akiuza kwa 81.64 anapata shilingi 8,164,000. Jumla ya vyote ni shilingi 10,676,000. Kwa miaka miwili amepata ziada ya shilingi 676,000, sawa na takriban asilimia 3.4 kwa mwaka, kiwango kinachokaribiana na mfumuko wa bei wa miaka hiyo. Hakupoteza mtaji ukijumlisha kuponi, lakini akiba yake haikukua kwa thamani halisi.

Mnunuzi awe mfanyabiashara wa mchele wa Mbeya aliyemaliza kuuza mavuno. Kwa shilingi 8,164,000 anapata haki ya kupokea shilingi 1,256,000 kila mwaka, sawa na asilimia 15.4 ya fedha alizotoa, na mwaka 2047 atarejeshewa shilingi milioni 10. Hasara ya mstaafu haikupotea hewani, bali imekuwa faida ya mnunuzi.

Jirani wa mstaafu huyo, aliyenunua siku ileile lakini hana haja ya kuuza, yuko katika hali tofauti. Kuponi zake zinaendelea kuingia kama alivyoahidiwa, na siku ya kuiva atapata milioni 10 kamili. Bei ya 81.64 haimgusi katika akaunti yake. Anachokosa ni nafasi, kwa kuwa fedha zake zimefungwa kwenye asilimia 12.56 wakati wengine wanapata zaidi. Sehemu ya nafasi hiyo anaweza kuirudisha kwa kuwekeza kuponi anazopokea katika viwango vipya vilivyo juu.

Kwa hiyo kushuka kwa bei kunageuka kuwa hasara ya fedha taslimu kwa yule anayelazimika kuuza. Kanuni hiyo haichagui mkubwa wala mdogo. Machi 2023 benki ya Silicon Valley ya Kalifonia, Marekani, ilifungwa na mamlaka kwa sababu ya namna hiyo. Ilikuwa imeweka fedha za wateja katika hatifungani za muda mrefu zilizonunuliwa wakati riba ilikuwa chini. Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kuanzia Machi 2022, bei za hatifungani hizo zilishuka. Wateja walipoanza kuondoa amana zao, benki iliuza hatifungani za takriban dola bilioni 21 na kupata hasara ya dola bilioni 1.8. Habari hiyo iliwaogofya wateja waliobaki, na tarehe 10 Machi 2023 benki ikafungwa. Hatifungani zenyewe hazikuwa mbovu. Kosa lilikuwa kuweka fedha zinazoweza kudaiwa kesho katika deni litakaloiva baada ya miaka mingi.

Kwa mwananchi wa kawaida ipo njia ya kati. Hatifungani ya Serikali inaweza kuwekwa kama dhamana ya mkopo katika benki. Mstaafu wa Iringa, badala ya kuuza kwa 81.64, angeweza kukopa sehemu ya thamani hiyo na kuendelea kupokea kuponi. Uamuzi huo una mantiki pale ambapo hitaji ni la muda mfupi na chanzo cha kulipa mkopo kinajulikana. Riba ya mkopo ikizidi kuponi kwa miaka mingi, gharama yake inaweza kupita hasara ya kuuza.

Kinachosogeza riba ya soko

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha sera ya fedha kwa kutumia Riba ya Benki Kuu. Kiwango cha kwanza kilikuwa asilimia 5.5, kikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili 2024, kisha kikashushwa hadi asilimia 5.75 mwezi Julai 2025. Riba hiyo huongoza gharama ya fedha ambazo mabenki hukopeshana kwa siku chache, na kutoka hapo athari yake husambaa.

Hata hivyo faida ya hatifungani ya miaka 25 haifuati Riba ya Benki Kuu hatua kwa hatua. Anayekopesha kwa robo karne anatazama pia mfumuko wa bei anaoutarajia kwa miaka hiyo yote, kiasi ambacho Serikali inahitaji kukopa katika soko la ndani, na wingi wa fedha zilizo mikononi mwa mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo ni wanunuzi wakubwa katika minada. Minada ikiwa mikubwa na fedha za wanunuzi zikiwa haba, zabuni huja kwa bei za chini na faida hupanda, hata kama Riba ya Benki Kuu haijasogea.

Kusoma mnada na bei za soko

Katika soko la awali Benki Kuu hutangaza mnada ikitaja muda wa hatifungani, kuponi yake na kiasi kinachohitajika. Mwekezaji hushiriki kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, ambaye humfungulia akaunti ya dhamana na kuwasilisha zabuni. Mwekezaji mkubwa hutaja bei anayotaka kulipa kwa kila shilingi 100. Mwekezaji mdogo anaweza kuchagua zabuni isiyo ya ushindani, ambapo hataji bei bali hukubali wastani wa bei za zabuni zilizofaulu. Zabuni ni ya bei, wala si ya riba. Anayetaja 85 kwa hatifungani ya asilimia 12.56 anasema, kwa lugha ya bei, kwamba anadai faida kubwa kuliko asilimia 12.56.

Katika soko la upili, ambako hatifungani huuzwa na kununuliwa kupitia madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, mambo mawili yanahitaji kuangaliwa. La kwanza ni riba iliyolimbikizwa. Anayeuza miezi minne baada ya kuponi ya mwisho ameshika hatifungani kwa theluthi mbili ya nusu mwaka, hivyo mnunuzi humlipa sehemu hiyo ya kuponi juu ya bei iliyotajwa, kisha yeye hupokea kuponi nzima tarehe ikifika. Asiyejua jambo hilo anaweza kudhani ametozwa zaidi ya bei waliyokubaliana. La pili ni upatikanaji wa mnunuzi. Bei inayotokana na hesabu ni bei ya haki, lakini siku ya kuuza huhitaji mtu aliye tayari kununua, na muuzaji mwenye haraka anaweza kulazimika kushusha kidogo zaidi, pamoja na kulipa ada ya dalali.

Lipo pia swali la kutambua chanzo cha kushuka kwa bei. Bei ya hatifungani inaweza kushuka kwa sababu riba ya soko imepanda, au kwa sababu wanunuzi wameanza kumtilia shaka mkopaji. Namna ya kutofautisha ni kutazama nyingine zinazofanana nayo. Hatifungani za Serikali za muda unaokaribiana zikiwa zote zinatoa faida ileile, ilhali yenye kuponi ndogo iko chini ya 100 na yenye kuponi kubwa iko juu, hiyo ni kazi ya riba. Hali ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya asilimia 12.56 na ile ya asilimia 15.95. Lakini hatifungani ya kampuni moja ikishuka peke yake, huku za wakopaji wengine wa muda huohuo zikisimama, tatizo liko kwa mkopaji huyo, na mwekezaji hana hakika ya kurejeshewa 100 siku ya kuiva.

Kwa mkazi wa Mbeya au Iringa anayepanga kuweka mapato ya msimu katika hatifungani, hesabu inaanzia kwenye tarehe. Fedha zitakazohitajika baada ya miaka miwili zina nafasi yake katika hatifungani ya miaka miwili, na zile ambazo hazitaguswa kwa muda mrefu ndizo zinazoweza kubeba mtikisiko wa miaka 25. Aliyepanga hivyo atapokea 100 yake siku ya kuiva, hata kama bei ilishuka hadi 81 njiani.